Jibu: Babu kuwa kondakta wa teksi

"Nimeota marehemu babu akiwa kondakta wa teksi Kampala, na mwalimu wangu wa Gulu ndiye abiria. Wamekutana wapi hawa?"

Ndugu, wamekutana kwenye hisia moja. Freud, daktari wa Austria aliyechunguza ndoto, alieleza kwamba ndoto huchukua kitu kidogo cha jana, ikakiunganisha na kumbukumbu za zamani zinazohusiana nacho, kisha ikazibana zote katika sura moja. Kalenda haihesabiwi.

Usitafsiri kisa kizima. Kikate vipande, na kwa kila kipande andika chochote kinachokujia, hata cha aibu, bila kuchagua. Mimi niliota shangazi yangu wa Mbale akikata tiketi kwenye feri ya Kalangala. Tiketi: jana yake niliombwa risiti kazini, sikuwa nayo. Shangazi: alinituma dukani, nikapoteza chenji. Feri: ukishapanda huwezi kushuka. Nyuzi zote zikaishia kwenye hofu ya kudaiwa.

Ila angalia, akili iliyo macho inaweza kuunganisha chochote na chochote. Mimi huamini uzi ule tu unaorudisha hisia niliyoamka nayo. Uzi mwingine ni ubunifu. Sasa anza na kondakta: jana ulidaiana na nani?