Trei ya bufee: kujazia au kubadilisha?

"Wali ukipungua mezani, naweza kumwagia mwingine juu yake?"

Hapana, ondoa trei nzima na uweke nyingine, kwa sababu ukichanganya, wali mpya unarithi muda wote ambao ule wa zamani umekaa mezani. Anayesema kwamba moto unaowashwa chini ya trei unatosha yuko sahihi nusu, kwani moto huo hutunza joto lakini haupashi chakula kilichokwisha kupoa. Chomeka kipimajoto safi katikati na pembezoni, na uhakikishe joto la chakula halishuki chini ya nyuzi 60 za Selsiasi. Trei iliyokaa bila moto tangu saa 6 mchana hutupwa ifikapo saa 10 jioni, hata kama haijanuka. Kioo cha kukinga mate kinasaidia, ingawa hakimzuii mtoto anayepenyeza mkono kwa chini.