Pengo liko mstari wa ngapi? Kusahihisha uthibitisho wa jiometri

Swali likianza na "Thibitisha kwamba AB = AC", kila mwanafunzi atamaliza kwa kuandika AB = AC. Jibu amepewa kwenye swali lenyewe. Kwa hiyo msahihishaji aliyezoea kutupa jicho chini ya ukurasa na kupiga vema hana cha kusahihisha hapo. Alama zote ziko njiani.

Nitatumia swali moja ambalo huwa napenda kuwapa wanafunzi wanaojiandaa kwa mashindano ya hisabati: Katika pembetatu ABC, mstari unaogawa pembe A nusu kwa nusu unakutana na BC kwenye nukta D, na D ni katikati ya BC. Thibitisha kwamba AB = AC. Nalisahihisha kwa alama 7, kama inavyofanyika kwenye Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati.

Karatasi nyingi huja hivi: BD = DC, tumepewa. Pembe BAD = pembe CAD, tumepewa. AD = AD, ni upande wa pembetatu zote mbili. ∴ ABD na ACD zinalingana kabisa (SAS). ∴ AB = AC. Mistari mitano, mwandiko safi, kila mstari una sababu yake. Na haithibitishi chochote. SAS inataka pembe iwe katikati ya pande mbili zinazotajwa. Hapa pande ni AD na BD, na pembe iliyo katikati yao iko D, si A.

Mwanafunzi hatakubali ukimwandikia "si SAS" tu. Atasema, "Lakini mwalimu, si ni kweli zinalingana?" Mpe bikari. Achore pembe ya digrii 30 yenye ncha A, apime AD sentimita 10 kwenye mkono mmoja wa pembe, kisha aweke ncha ya bikari kwenye D na achore tao la sentimita 6. Tao litaukata mkono wa pili mara mbili: karibu sentimita 5.3 kutoka A, na karibu sentimita 12. Hizo ni pembetatu mbili zenye AD ileile, pembe ileile kwenye A na upande uleule wa sentimita 6, lakini hazilingani. Sasa achukue ile fupi aigeuzie upande wa pili wa AD. Atapata umbo ambalo mistari yote mitatu ya mwanzo ya uthibitisho wake ni kweli, ila AB ni 12 na AC ni 5.3.

Kitu gani kimeharibika kwenye umbo hilo? B, D na C haziko kwenye mstari mmoja ulionyooka. Mstari unajikunja pale D. Na ukirudi kwenye karatasi yake utaona kwamba jambo hilo, ambalo swali lilimpa, hakulitumia popote. Ndiyo maana nikishasoma uthibitisho mara ya kwanza, tena bila kushika kalamu nyekundu, naorodhesha pembeni mambo yote yaliyotolewa na swali, kisha natafuta kila moja limetumika mstari gani. Lisilotumika huniambia pengo liko wapi kabla hata sijalipata kwa macho.

Karatasi ya pili ni ya mwanafunzi aliyefika mbali kidogo. Anatumia kanuni ya sin kwenye ABD na ACD, anapata sin B = sin C, kisha anaandika B = C, basi AB = AC. Pengo ni lilelile. sin B = sin C inaruhusu pia B + C = 180, na hiyo ndiyo hali ya lile umbo lililojikunja. Kinachokosekana ni sentensi moja: B na C ni pembe za pembetatu moja ABC, kwa hiyo jumla yake haiwezi kufika 180. Hapo ndipo B, D na C kuwa kwenye mstari mmoja kunapotumika.

Je, hawa wawili wapate sawa, maadamu sentensi hiyohiyo ingewaokoa wote? Mimi nasema hapana. Najiuliza: kabla ya kuruka, mwanafunzi amefikia jambo gani la kweli ambalo halikuwemo kwenye swali? Wa pili amefikia sin B = sin C, ambayo ni kazi halali na imebakiza hatua moja. Wa kwanza amenakili tu aliyopewa, akaweka juu yake kanuni isiyohusika. Wa pili nampa 5, wa kwanza 1. Na kama wa kwanza angeandika "ama zinalingana, ama B + C = 180, jambo lisilowezekana", angepata 7 zote kwa njia yake ileile.

Karatasi inayogawanya wasahihishaji ni ya tatu. Huyu anashusha DE inayokutana na AB kwa digrii 90, na DF kwa AC vivyo hivyo. Anathibitisha vizuri kwamba DE = DF na AE = AF, kisha BE = CF, halafu anamaliza: AB = AE + EB = AF + FC = AC. Kwenye mchoro wake E iko kati ya A na B. Lakini pembe B ikiwa butu, E huangukia nje, ng'ambo ya B, na hapo AB = AE − EB. Hakuna alichoandika kinachozuia E kuwa nje huku F ikiwa ndani. Ni tundu lilelile la B + C = 180, safari hii limefichwa na mchoro. Wapo wenzangu wanaompa 7 kwa kuwa "mchoro unaonyesha". Mimi nampa 6, maana mchoro huonyesha hali moja tu. Kinachoudhi ni kwamba alikuwa nayo njia isiyo na tundu mkononi: maeneo ya ABD na ACD ni sawa kwa sababu BD = DC na kimo kutoka A ni kimoja, na DE = DF, basi AB = AC. Haijalishi E imeangukia wapi.

Kwa sababu ya michoro ya namna hiyo, nafunika mchoro wa mwanafunzi kwa karatasi tupu na kusoma maneno peke yake, huku nikichora wangu, kwa makusudi wa kombo: AB ndefu, AC fupi. Mstari unaotegemea mchoro mzuri hujikwaa mara moja. Mambo mengi ya karatasi za mkono huishi kwenye mchoro bila kuandikwa: kialama cha mraba pale D kinachodai digrii 90, vistari viwili vya usawa, nukta G ambayo haikutajwa popote. Kialama cha mraba ndicho kibaya zaidi kwenye swali hili. Anayesema AD inakutana na BC kwa digrii 90 "kwa kuwa ndiyo mstari wa katikati" ameshachukulia AB = AC, yaani amethibitisha jibu kwa kutumia jibu. Hapo natoa 0, hata kama mistari kumi inayofuata ni sahihi.

Kwenye karatasi yenyewe siandiki "hoja haitoshi". Nazungushia duara alama ya ∴ ya kwanza isiyofuata kutoka kwa mistari iliyo juu yake, na pembeni naandika swali moja analoweza kulijibu kwa bikari au kalamu: "Itakuwaje kama B ni butu?"