Bataba, fivafyu na ini langu: kwa nini maneno "haina PA" hayatoshi

"Wakuu, kipandauso kinanishika karibu kila wiki. Nimenunua dawa mbili za mimea, chupa ya bataba na nyingine ya fivafyu, ili kukizuia, bado sijazifungua. Ya bataba imeandikwa 'haina PA'. Hiyo inatosha kwa usalama wa ini? Na mbona utafiti mmoja unazisifia hizi dawa na mwingine unakana?"

Mkuu, ya bataba usiifungue. Mimi niliimeza kwa wiki kumi, ikiwa na maneno hayohayo ubavuni mwa chupa, na ini langu likaumia. Ya fivafyu ni habari nyingine, nitaifikia.

Nianze na maana ya PA. Ni kifupi cha alkaloidi za pirolizidini, sumu ambazo bataba (kwenye chupa utaona jina Petasites hybridus) huzitengeneza yenyewe ili wanyama wasiile. Zikiingia mwilini, ini ndilo huzigeuza kuwa kitu kikali kinachonata kwenye seli zake na kuziharibu. Mara nyingi madhara yake huonekana kwenye mishipa midogo ya damu ndani ya ini: inaziba, damu inakwama, ini linavimba na kuuma, tumbo linajaa maji na uzito unapanda haraka. Ndiyo maana watengenezaji huziondoa kabla ya kuuza, na hapo ndipo yanapotoka yale maneno ya kwenye chupa.

Sasa angalia mambo mawili. La kwanza, "haina" maana yake ni kwamba mashine ya maabara haikuziona kuzidi kiwango fulani, kama kweli kuna aliyepima. Bidhaa hizi nchi nyingi huuzwa kama virutubisho, si dawa, kwa hiyo hakuna anayemlazimisha muuzaji athibitishe kila shehena kabla haijafika dukani.

La pili ni zito zaidi, na mimi sikulijua. Watu wameumia ini hata kwa dondoo ambazo PA zilikuwa zimeondolewa. Tena wengi hawakuumia kwa namna ile ya mishipa kuziba. Waliumia seli za ini zenyewe, mfano wa homa ya ini ya virusi, na wachache walifikia kubadilishiwa ini. Nikiyaweka pamoja, naona kuna hatari mbili kwenye mmea mmoja: moja inatoka kwa PA, nyingine haionekani kutoka huko. Maneno ya kwenye chupa yanaigusa ya kwanza tu.

Yangu yalikwenda hivi. Nilianza na miligramu 75 asubuhi na 75 jioni, kipimo kilekile kilichotumika kwenye utafiti maarufu. Kwa bahati nilikuwa na majibu ya damu ya miezi michache nyuma, ALT yangu ikiwa 24 na mwisho wa kawaida wa maabara ile ukiwa 40. (ALT ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya seli za ini. Seli zikipasuka kinavuja kwenye damu, ndiyo maana kikipanda tunajua kuna kinachoumia.) Wiki saba za kwanza sikuona lolote zaidi ya kucheua. Wiki ya nane chakula kikaanza kunichosha kwa harufu tu. Ya tisa nikawa nalala mchana. Ya kumi mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi, nami nikijidanganya kwamba sinywi maji ya kutosha. Nilipopima, ALT ilikuwa 286, na bilirubini, ile rangi ya njano ambayo ini huisafisha kwenye damu, imeanza kupita kiwango.

Daktari aliniuliza ninameza nini, nikamtajia paracetamol ninayotumia kichwa kikiuma. Bataba sikuitaja. Kichwani mwangu haikuwa dawa, ilikuwa majani tu. Aliuliza mara ya pili, "na vya asili je?", ndipo nikasema. Hakuna kipimo kinachotamka "hii ni bataba". Ilibidi afute kimoja kimoja: virusi vya homa ya ini, mawe kwenye nyongo kwa altrasaundi, pombe, na hiyo paracetamol ambayo sisi wa kipandauso huwa tunaizidisha bila kuhesabu. Vyote vilipotoka safi, kikabaki kile kilichoanza kabla ya dalili. Niliacha siku hiyohiyo. Wiki mbili baadaye ALT ikawa 118, wiki ya sita 47, mwezi wa tatu 27. Kushuka huko baada ya kuacha ndiko kulikomshawishi zaidi. Alinikataza kabisa kujaribu tena, hata ya kampuni nyingine, kwa sababu ini lililowahi kuumizwa na kitu likikutana nacho tena linaweza kuumia haraka na vibaya zaidi.

Simaanishi kila anayemeza bataba atapata haya. Walio wengi hawapati. Tatizo ni kwamba huwezi kujua mapema kama wewe ni miongoni mwa wachache, na ugonjwa unaouzuia, pamoja na mateso yake yote, hauui ini.

Kuhusu tafiti kupingana. Utafiti mkubwa wa bataba ni wa 2004, watu 245 kwa miezi minne. Waliomeza miligramu 75 mara mbili kwa siku walipungukiwa mashambulizi kwa asilimia 48. Wa miligramu 50 mara mbili, asilimia 36. Wa vidonge bandia, asilimia 26. Isome tena hiyo ya mwisho: zaidi ya nusu ya nafuu iliyopatikana kwa dozi kubwa ilipatikana pia bila dawa yoyote. Ile dozi ya 50 haikujitenga vya kutosha na vidonge bandia, ilhali utafiti mdogo wa awali, wa watu 60 hivi, ulikuwa umeisifia dozi hiyohiyo. Hata hivyo kwa ushahidi huo chama cha madaktari wa neva cha Marekani kiliipa bataba daraja la juu kabisa katika mwongozo wake wa 2012, na mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya Uingereza ikawa inaonya juu ya ini. Mwongozo ule uliondolewa 2015 kwa sababu ya usalama. Lakini kurasa zilizoandikwa 2012 bado zipo mtandaoni, na muuzaji huzinukuu hizo.

Kwa fivafyu (Tanacetum parthenium) mkanganyiko ni wa aina nyingine. Jina ni moja, lakini vilivyojaribiwa ni vitu tofauti. Utafiti wa Uingereza wa 1988 ulitumia majani yaliyokaushwa, ukaona nafuu. Wa Uholanzi, 1996, ulitumia dondoo iliyokamuliwa kwa pombe, haukuona kitu. Baadaye Wajerumani wakatengeneza dondoo kwa gesi ya kaboni dioksaidi, wakaiita MIG-99. Ilipojaribiwa mara ya kwanza kwa dozi tatu, haikufaulu kwa kundi zima. Wale tu waliokuwa na mashambulizi mengi ndio walioonekana kunufaika. Jaribio la 2005 lilichukua watu 170 wenye wastani wa karibu mashambulizi matano kwa mwezi, likawapa miligramu 6.25 mara tatu kwa siku. Mashambulizi yalipungua kwa 1.9 kwa mwezi, na kwa wenye vidonge bandia 1.3. Tofauti ni 0.6, kama shambulio moja kila baada ya miezi miwili karibu. Kwa hiyo ukinunua kapsuli za majani yaliyosagwa, utafiti wa MIG-99 haukuhusu. Na kiasi cha parthenolaidi, ile kemikali inayodhaniwa kufanya kazi, hutofautiana sana kati ya chupa na chupa.

Kuna utafiti mmoja mdogo wa 1985 unaopendwa sana, na mimi huwa nawaomba watu wautazame kwa makini. Ulichukua watu 17 waliokwisha kuwa wanatafuna majani haya kila siku na kuyakubali, ukawapa baadhi yao kapsuli bandia. Hao wakazidiwa na maumivu. Je, ni kwa kuwa fivafyu ilikuwa inawazuia, au ni kwa kuwa waliikatisha ghafla? Kukatisha ghafla baada ya matumizi marefu kunajulikana kuleta kichwa kuuma, wasiwasi, kukosa usingizi na viungo kukakamaa. Utafiti ule hauwezi kutenganisha hayo mawili.

Daftari langu mwenyewe lilinifundisha hili vizuri kuliko makala. Miezi minne kabla ya bataba nilishikwa mara 5, 4, 6 na 5. Mwezi wa tano mara 8, nikachanganyikiwa, nikanunua. Mwezi wa kwanza wa bataba mara 5, wa pili 4. Nikatangazia watu kwamba imekata nusu! Lakini wastani wangu ulikuwa 5 tangu zamani. Ule mwezi wa 8 ulikuwa mbaya tu, nami nilianza dawa kileleni, mahali ambapo kushuka kungekuja hata kwa maji matupu.

Fivafyu nilikuja kuitumia mwaka uliofuata kwa miezi minne, daktari akijua, ini likiwa limetulia. Mara 4, 5, 4, 4. Labda imenipunguzia kidogo, labda hapana. Haijahusishwa na kuumiza ini kama bataba, na ALT yangu haikutikisika. Nilipata vidonda ulimini nilipojaribu kutafuna majani mabichi, kwenye kapsuli havikurudi. Nilipoacha nilipunguza taratibu kwa wiki tatu.

Ukitaka kuijaribu hiyo chupa ya pili, andika kwanza miezi miwili bila dawa, kisha mitatu au minne ukimeza, ulinganishe wastani na wastani. Hujasema kama unatumia dawa ya kuyeyusha damu, kama una mzio wa maua ya jamii ya alizeti, au kama kuna ujauzito. Ukiwa na lolote kati ya hayo, na hiyo pia iache, hasa ujauzito, kwani inaweza kuamsha mikazo ya mfuko wa uzazi. Na kama kipandauso kinakushika kila wiki kweli, mwombe daktari dawa ya kuzuia iliyo na kipimo kinachojulikana. Mimi nilianzishiwa propranolol, na daftari langu la mwezi uliopita lina mistari miwili.