Tangazo la oda za Idi: tarehe ziandike kabla ya bei

Dada mmoja kaniandikia, anauza biskuti Tanga, anasema tangazo lake la Idi watu wameliangalia tu halafu oda zote zimemwagika usiku wa kuamkia sikukuu. Kaandika "agiza mapema". Dada yangu, mapema ndio lini?

Mimi napika vileja, na Idi hii iliyopita hakuna mteja wangu aliyekosa mzigo, najivunia sana hilo. Siri ni kuanza kuhesabu kutoka mwisho. Idi inategemea mwezi, ukionekana jioni ya mfungo wa 29 basi kesho yake ni sikukuu, kwa hiyo mimi siahidi kupeleka chochote mfungo wa 30, maana huenda siku hiyo isiwepo kabisa. Mzigo wa mjini unatoka mfungo wa 27 na 28, ya 29 naiacha kwa ajili ya mteja ambaye boda hakumkuta. Wa mikoani unapanda basi mfungo wa 25.

Sasa oveni yangu inatoa kilo 15 kwa siku. Nikipika kuanzia mfungo wa 21 mpaka 26 ni siku sita, yaani kilo 90, basi, hakuna zaidi. Unga wa mchele, samli, iliki na maboksi nanunua siku mbili kabla, ndio maana oda zinafungwa mfungo wa 18. Na kima cha chini usikitaje kwa kubahatisha, trei yangu inachukua kilo 2 kwa hiyo mjini naanzia hapo, mikoani naanzia kilo 5 kwa sababu hela ya kusafirisha kaboksi kadogo inamuumiza mteja mwenyewe.

Ujumbe wangu ulikuwa hivi, natuma kabla mfungo haujaanza:

"Vileja vya Idi. Mwisho wa oda mfungo wa 18 saa 2 usiku, au kilo 90 zikiisha kabla. Mjini kuanzia kilo 2, unapokea mfungo wa 27 au 28. Mikoani kuanzia kilo 5, inapanda basi mfungo wa 25. Oda inahesabika ukishalipa nusu."

Hiyo "ukishalipa nusu" usiitoe jamani. Kuna mteja aliniambia "niwekee kilo 10" nikamwekea, akapotea, na maneno aliyonirudishia nilipomuuliza bado yananiuma. Niwekee sio oda.

Halafu ukituma kwa listi ya Watsapu, asiyekuseva namba ujumbe haumfikii, huyo mtumie peke yake. Mfungo wa 16 kumbusha ukitaja kilo zilizobaki. Ikifika 18 saa 2 toa tangazo kwenye stetasi, andika oda zimefungwa, na anayekuja baada ya hapo hata akiwa shangazi yako muulize kama atachukua kitakachobaki mfungo wa 29, bila ahadi.