Mweleze mbunifu nembo itakaa wapi

"Nilimwambia mbunifu nataka nembo ya kisasa, ya kuvutia. Ameleta tatu, zote sizipendi. Niandike nini?"

Ndugu, futa "kisasa". Kila mtu ana kisasa chake. Andika nembo itakaa wapi, ukianza na mahali pagumu kuliko pote. Tuseme unauza sabuni: nembo itagongwa kwenye kipande chenyewe, bila rangi, kwa upana wa sentimita 2. Sentensi hiyo moja inamzuia kuleta mistari myembamba na rangi zinazofifiana, maana sabuni haiwezi kuzibeba. Kisha mweleze mbunifu mnunuzi wako ni nani, na nembo za washindani usizotaka kufanana nazo. Dai pia faili za vekta, zile zinazokuzwa au kupunguzwa bila nembo kupoteza ubora, na mkubaliane idadi ya marekebisho kabla ya malipo ya kwanza. Hapo ndipo nimeona wengi wakigombana.