Jumlisha safu kabla ya kujaza kisanduku: ushauri kwa wanaoanza mafumbo ya vizimba

Nawaandikia ninyi mnaoanza mafumbo ya vizimba vya hesabu, yale ambayo wengi tunayajua kwa jina la Kenken, na ambayo yalibuniwa mwaka 2004 na Miyamoto Tetsuya, mwalimu wa hesabu wa Japani, kwa ajili ya wanafunzi wake. Kila Jumamosi asubuhi hukaa na kikundi kidogo cha vijana pale Sinza tukiyafumbua kwa penseli na karatasi, na nimeona kwamba wanaokwama huwa hawakwami kwa sababu hawajui kuzidisha au kugawanya. Wanakwama kwa sababu wanakitazama kila kizimba peke yake, na wanasahau kwamba safu nzima nayo inasema jambo.

Kanuni zenyewe ni chache. Katika jedwali la visanduku vinne kwa vinne, kila safu ya mlalo na kila safu ya wima hubeba namba 1, 2, 3 na 4, bila namba yoyote kujirudia ndani ya safu hiyo. Jedwali limegawanywa kwa mistari minene kuwa vizimba, na kila kizimba kina namba lengwa pamoja na alama ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha au kugawanya. Namba zilizomo ndani yake zinapaswa kutoa jibu hilo kwa tendo hilo. Kutoa na kugawanya kwa kawaida huwekwa kwenye kizimba cha visanduku viwili tu, na huangalii kipi kinatangulia: unachukua kubwa ukatoa ndogo, au unachukua kubwa ukaigawanya kwa ndogo.

Lipo jambo moja ambalo kanuni hizo hazilisemi waziwazi, nalo ndilo lililonipotezea muda mrefu kuliko yote nilipoanza. Katazo la kujirudia ni la safu, si la kizimba. Kizimba kilichopinda kona kinaweza kubeba namba ileile mara mbili, ilimradi visanduku hivyo viwili haviko kwenye mlalo mmoja wala wima mmoja. Mimi nilijifunza mafumbo haya ndani ya basi la mwendokasi, nikitoka Kimara kwenda Kivukoni kila asubuhi, na nakumbuka nilivyokutana na kizimba cha visanduku vitatu chenye lengo la 36 kwa kuzidisha katika jedwali la nne kwa nne. Nilizidisha 2, 3 na 4 nikapata 24, na kwa kuwa sikuona namba tatu tofauti zinazoweza kuzidi hapo, niliamini kwamba mchapaji amekosea, nikaliacha fumbo hilo na mengine mawili yaliyofanana nalo. Hakukuwa na kosa lolote. Ni 3, 3 na 4.

Fumbo nitakalolitumia hapa nimelitunga kwa makusudi ili lianzie palepale. Herufi zinaonyesha kila kisanduku kiko katika kizimba gani, na chini yake ni malengo:

```
A A D D
B B E D
C B E E
C C F F

A: 2÷   B: 36×   C: 7+
D: 24×  E: 8×    F: 2−
```

Lichoreni kwenye karatasi kabla ya kuendelea kusoma, kwa sababu hatua zinazofuata hazieleweki vizuri bila jedwali lenyewe kuwa mbele ya macho.

Kizimba B kinataka 36 kwa visanduku vitatu. Njia ni moja tu, yaani 3, 3 na 4, maana 36 inahitaji 3 mbili na hakuna namba nyingine kati ya 1 na 4 inayogawanyika kwa 3. Sasa tazameni umbo lake: kisanduku cha kona, kilicho mlalo wa pili na wima wa pili, kiko safu moja na kila mmoja wa wenzake wawili. Kikibeba 3, lazima 3 ya pili igongane nayo. Kwa hiyo kona ni 4, na ncha zake mbili ni 3 na 3. Tumejaza visanduku vitatu bila kukisia, na kwa kizimba kilekile kinachowaogopesha wengi.

Hapa ndipo mgeni hukimbilia kizimba A, ambacho kinasema 2 kwa kugawanya. Wima wa pili tayari una 4 na 3, kwa hiyo kisanduku cha pili cha A ni 1 au 2. Cha kwanza hakiwezi kuwa 3. Zinabaki jozi tatu zinazokubalika: 1 na 2, 2 na 1, au 4 na 2. Unaweza kujaribu moja baada ya nyingine, na kwa fumbo dogo kama hili utafika, lakini ipo njia ya kuliona jibu bila kujaribu.

Jumla ya safu yoyote ya jedwali hili ni 10, kwa kuwa 1 na 2 na 3 na 4 ni 10. Wima wa kwanza na wima wa pili kwa pamoja, basi, ni 20. Tazameni tena herufi: wima hizo mbili zimejazwa kikamilifu na vizimba A, B na C, hakuna kisanduku kinachotokeza nje wala cha kigeni kinachoingia. B sasa tunajua jumla yake, 3 na 4 na 3, yaani 10. C imetuambia yenyewe kuwa ni 7. Ukitoa 17 kwenye 20, inabaki 3 kwa ajili ya A, na visanduku viwili vyenye jumla ya 3 haviwezi kuwa vingine ila 1 na 2. Jozi ya 4 na 2 imeondoka.

Naomba nisisitize kosa ninaloliona karibu kila Jumamosi katika hatua hii. Mwanafunzi huchukua ile 2 iliyoandikwa kwenye kizimba A na kuitoa kwenye 20 pamoja na ile 17, kana kwamba nayo ni jumla, akapata 1, kisha anasema, “Mwalimu, hesabu inakataa.” Namba ya kizimba cha kugawanya, kutoa au kuzidisha si jumla ya visanduku vyake, na haiingii kwenye hesabu ya safu mpaka namba zenyewe zijulikane. B haikuingia kama 36. Iliingia kama 10.

Kutoka hapo fumbo linafunguka. Mlalo wa kwanza una 1 na 2 upande wa kushoto, kwa hiyo upande wa kulia ni 3 na 4. Visanduku hivyo viwili ni vya kizimba D, na zao lake ni 12 kwa mpangilio wowote. Lengo ni 24, basi kisanduku cha tatu cha D, kilicho mwisho wa mlalo wa pili, ni 2. Mlalo wa pili sasa una 3, 4 na 2, na kilichobaki ni 1. Hiyo 1 ni ya kizimba E, ambacho visanduku vyake viwili vingine vinapaswa kuzaa 8, yaani 2 na 4. Wima wa nne tayari una 2, kwa hiyo 4 inakaa upande huo na 2 inakaa wima wa tatu. Mlalo wa tatu umebakiwa na 1, nayo inaingia mwanzoni. Wima wa nne una 2 na 4, kwa hiyo juu yake haiwezi kuwa 4. Ni 3, na jirani yake ni 4. Wima wa tatu unamalizika kwa 3, wima wa nne kwa 1, na F imepata tofauti yake ya 2. C ilikwisha kupata 1, inahitaji 6 kwa visanduku viwili vya mlalo wa nne, ambazo ni 4 na 2. 4 haiingii wima wa pili. Na kwa kuwa 1 ya wima wa kwanza imekwisha kukaa mlalo wa tatu, A ni 2 kisha 1.

```
2 1 4 3
3 4 1 2
1 3 2 4
4 2 3 1
```

Angalieni kwamba mpangilio wa A ulisubiri hadi mlalo wa tatu ulipojaa, ingawa namba zake tulizijua mapema. Kusubiri huko kuna sababu. Kijana mmoja katika kikundi chetu alilifanya fumbo hili kwa usahihi mpaka pale A ilipobaki 1 na 2, kisha akaandika 1 kwanza kwa wino. Kosa halikuonekana mlalo wa kwanza. Lilionekana mlalo wa tatu, ambako 1 ilikuwa haina budi kukaa mwanzoni na ikakutana na 1 iliyoko juu yake. Yeye akadhani kizimba E ndicho chenye kasoro kwa kuwa ndicho alichokijaza mwisho, akafuta 2 na 4 zilizokuwa sahihi, na kila alichojaza baada ya hapo kikazidi kuharibika. Namba zinapogongana, msifute iliyo karibu na mgongano. Rudini nyuma mpaka kwenye kisanduku cha kwanza mlichojaza bila sababu mnayoweza kuitamka. Ndiyo maana huwa nasisitiza namba ndogo za penseli pembeni mwa kisanduku: 1 na 2 zikiandikwa hivyo, zimehifadhi mnachokijua bila kuongeza msichokijua.

Mkifika kwenye jedwali la sita kwa sita, jumla ya safu huwa 21, na ni nadra vizimba kujaza safu kikamilifu kama hapa. Hata hivyo hesabu ileile bado inatoa habari, hasa mkikumbuka namba shufwa na namba witiri. Namba mbili zenye tofauti ya witiri zina jumla ya witiri pia: 4 na 3, tofauti ni 1, jumla ni 7. Tuseme mlalo wa kwanza una kizimba cha visanduku vitatu chenye 9 kwa kujumlisha, kizimba cha visanduku viwili chenye 1 kwa kutoa, na kisanduku kimoja ambacho kizimba chake kinashuka chini. Toeni 9 kwenye 21, inabaki 12. Kizimba cha kutoa lazima kiwe na jumla ya witiri, kwa hiyo kisanduku kilichobaki nacho ni witiri: 1, 3 au 5. Kisha jaribuni njia za kupata 9 kwa namba tatu tofauti, ambazo ni 1, 2 na 6. 1, 3 na 5. Au 2, 3 na 4. Ya pili inaacha 2, 4 na 6, ambazo hazina jozi yenye tofauti ya 1, kwa hiyo inaanguka. Ya kwanza inaacha 3, 4 na 5, na kwa kuwa kilichobaki ni witiri, kinaweza kuwa 3 au 5, lakini kila chaguo linaacha jozi inayofuatana. Ya tatu inaacha 1, 5 na 6, na hapo ni 1 pekee. Linganisheni na 12 tuliyoibakiza: 3 inaambatana na 4 na 5, 5 inaambatana na 3 na 4, 1 inaambatana na 5 na 6. Zote tatu zinafika, kwa hiyo hamna ruhusa ya kuandika kitu kwa wino bado. Lakini 2, 4 na 6 zimeondoka kwenye kisanduku kile, na mkikitazama kizimba kinachoshuka kutoka hapo mkiwa na namba tatu mkononi badala ya sita, mara nyingi lengo lake litazikataa mbili.