Hitilafu ya f = uv/(u+v): usijumlishe kabla hujakusanya

> "Wakuu, nina praktiko ya lenzi. u = 30.0 ± 0.1 cm, v = 60.0 ± 0.5 cm, na f = uv/(u+v). Nimechukua logi asilia, nikapata Δu/u + Δv/v + (Δu+Δv)/(u+v), jibu asilimia 1.8. Niko sahihi?"

Mkuu, weka kalamu chini. Usikabidhi hiyo ripoti. Mstari huohuo, alama kwa alama, niliuandika mimi nikiwa chuoni, na ulinigharimu ripoti nzima.

Logi umeichukua vizuri, hapo sina ugomvi na wewe:

```
ln f  = ln u + ln v - ln(u+v)
df/f  = du/u + dv/v - (du+dv)/(u+v)
```

Mpaka hapa kila kitu ni halali. Balaa liko kwenye hatua inayofuata, pale ulipogeuza ile alama ya kutoa kuwa ya kujumlisha kwa sababu umeambiwa "hitilafu hujumlishwa". Ulipoigeuza, umedai kwamba u imezidi ulipoiangalia juu ya mstari, na u hiyohiyo imepungua ulipoiangalia chini ya mstari. Ni u moja, umeisoma kwenye rula mara moja. Huwezi kuwa Kariakoo na Mbezi kwa wakati mmoja. Kama kweli u yako imezidi kwa 0.1, basi uv inapanda na u+v nayo inapanda, na kule kupanda kwa chini kunameza sehemu ya kupanda kwa juu. Ile alama ya kutoa ndiyo inayobeba habari hiyo, na wewe umeifuta.

Kwa hiyo kabla ya kugusa alama yoyote, kusanya kila chenye du mahali pamoja, na kila chenye dv mahali pamoja:

```
df/f = du[1/u - 1/(u+v)] + dv[1/v - 1/(u+v)]
     = du * v/[u(u+v)]   + dv * u/[v(u+v)]
```

Sasa kila herufi ina mabano yake, na ndani ya mabano ule mvutano wa juu na chini umeshamalizika. Hapa ndipo unapochukua ukubwa wa kila bano bila kujali alama, unaweka Δu na Δv, unajumlisha. Kwa namba zako, bano la u ni 60/(30 × 90), yaani 0.0222, zidisha kwa 0.1 upate 0.0022. Bano la v ni 30/(60 × 90), yaani 0.00556, zidisha kwa 0.5 upate 0.0028. Jumla ni 0.005. Nusu asilimia, mkuu, siyo 1.8. Kwa f ya sentimita 20, hitilafu ni 0.1 cm, wakati njia yako inakupa karibu 0.37 cm.

Huniamini? Hata mimi nisingejiamini. Chukua kalkuleta, weka u = 30.1 na v = 60.5, yaani zote mbili zimezidi mpaka mwisho. Utapata f = 20.10. Weka 29.9 na 59.5, utapata 19.90. Kwa vipimo ulivyonavyo hakuna namna yoyote ya kuifikisha f kwenye 20.37. Ukaguzi huu hauchukui hata dakika mbili, na ningeufanya siku ile nisingekuwa naandika hapa kwa hasira.

Sasa usiseme "si bora kuongeza hitilafu, kuna ubaya gani kuwa mwangalifu?" Ubaya upo. Nilikuwa na lenzi mbili zilizofanana kwa macho. Moja ilitoa 20.0, nyingine 20.3. Swali la ripoti lilikuwa je, zina urefu wa fokasi mmoja au tofauti? Nikapiga hitilafu yangu nono ya 0.37, nikaandika kwa kujiamini kwamba tofauti hiyo haionekani, lenzi ni zilezile. Kwa hitilafu sahihi ya 0.1, moja inaishia 20.1 na nyingine inaanzia 20.2, hazigusani kabisa. Kwa hiyo hitimisho langu lilikuwa kinyume, kurasa zote zilizojengwa juu yake zikaenda na maji, na pembeni msimamizi aliandika neno moja tu: "Hapana." Angalau mwandiko wangu aliusifia.

Na aliyenipoteza? Kabrasha la fotokopi la nje ya geti, lile ambalo kila mwaka linanakiliwa na makosa yake, pamoja na kaka mmoja wa mwaka wa juu aliyekuwa anatufundisha jioni kwa malipo. Kauli yake ilikuwa "badilisha minasi zote ziwe plasi, usihoji". Hela yangu alikula, na maelezo hakutoa. Kauli hiyo inafanya kazi pale tu ambapo kila herufi inatokea mara moja, na mifano yote ya kabrasha ilikuwa ya aina hiyo. Ndiyo maana hakuna aliyemshtukia.

Kuna wengine watakuja hapa chini kukwambia "acha minasi ilivyo, utapata 0.005 moja kwa moja". Ni kweli, jaribu: 0.0033 + 0.0083 − 0.0067 inatoa 0.005. Lakini hiyo ni bahati ya fomula hii, kwa kuwa mabano yote mawili ni chanya. Peleka mchezo huo kwenye pendulamu, g = 4π²L/T². L ina hitilafu ya asilimia 0.2, T asilimia 0.5. Ukiacha minasi utapata 0.2 − 1.0, kana kwamba makosa ya saa na ya rula yamekubaliana kufutana. Hapo L na T kila moja iko peke yake, bano la T ni hasi, unachukua ukubwa wake, na jumla ni asilimia 1.2. Kanuni ni ileile: kusanya kwanza, ukubwa baadaye.

Na ukiwa makini zaidi, jiulize umesoma nini hasa kwenye rula. Kama mshumaa na skrini vimekaa imara na shaka yako yote ni lenzi imesimama wapi, basi u ikizidi kwa 0.1, v inapungua kwa 0.1 hiyohiyo. Hapo du na dv si vitu viwili tena. Weka dv = −du ndani ya mabano kabla ya kuchukua ukubwa: (0.0222 − 0.0056) × 0.1, yaani asilimia 0.17 tu. Ukizijumlisha kama wageni wasiojuana utapata 0.28.

Rudia hesabu leo, mabano ya du na dv yakiwa kila moja kwenye mstari wake, uibandike hapa tuione kabla hujaikabidhi. Ukija na plasi tatu tena, nakuripoti kwa moderata.